Kiwanja cha Fundi Cherehani

Tuchukue fundi cherehani wa Morogoro ambaye ndoto yake ni kuishi kwake, asimtegemee mwenye nyumba. Ndoto hiyo haipimiki mpaka aipe bei na muda: kiwanja cha shilingi 3,600,000 ndani ya miaka 3, yaani 1,200,000 kwa mwaka.

Wengi hapo hugawanya kwa 12 na kujipangia 100,000 kila mwezi. Kwa fundi haifai, maana Januari ya sare za shule na wiki za kabla ya Idi humjazia wateja, kisha kazi hupungua. Afadhali ajipangie sehemu. Kama baada ya kulipia uzi na pango la kibanda hubaki na 6,000,000 kwa mwaka, atenge shilingi 200 katika kila 1,000, siku ileile.

Kila mwisho wa mwezi aandike daftarini zilizoingia na zilizotengwa, na kila baada ya miezi 3 azilinganishe. Sehemu ikitimia lakini jumla ikawa pungufu, kipato ndicho kilichoshuka. Atafute kazi zaidi au asogeze tarehe. Kipato kikiwepo na sehemu isitimie, tatizo ni matumizi, na kusogeza tarehe hakutamsaidia.