Dunia Tatu Katika Kompyuta Moja

Anayeendesha seva ya Minecraft mara nyingi haishii na moja. Wachezaji wakishazoea dunia ya kuhangaika na kujitafutia, wadogo wataomba dunia ya kujenga tu isiyo na maadui, na wengine watataka uwanja wa mashindano. Kukodi kompyuta tatu ni hasara, kwa sababu toleo la Java la mchezo huu lina tabia inayorahisisha upangaji wa pamoja: sehemu kubwa ya kazi yake hufanywa na uzi mmoja wa programu. Ng'ombe kutembea, ngano kukua, maji kutiririka, vyote vinasubiri zamu katika foleni moja inayohudumiwa na kiini kimoja cha prosesa kwa wakati mmoja. Ukiipa kompyuta ya viini vinne, muda mwingi vitatu vitakuwa vimekaa bure.

Foleni hiyo huzunguka mara 20 kwa sekunde, yaani kila mzunguko una milisekunde 50. Ukiisha ndani ya muda huo, seva hupumzika kidogo kisha huanza mwingine. Ukizidi, dunia nzima inaanza kujivuta: unavunja jiwe, linavunjika, kisha linarudi mahali pake. Kwa hiyo anayepanga seva kadhaa pamoja ana swali moja la kulinda: je, kila dunia inapata milisekunde zake 50 hata jirani anapochachamaa?

Tuchukue kompyuta ya Linux yenye viini vinne na memori ya gigabaiti 16, na dunia tatu tunazoziita `kijiji`, `ujenzi` na `uwanja`. Kila moja iwe na folda yake kamili, yenye nakala yake ya seva, mipangilio yake na dunia yake. Seva mbili haziwezi kushika dunia moja. Ya pili hukuta faili ya `session.lock` imeshikiliwa na kukataa kuwaka. Kijiji tukipe gigabaiti nne za memori, na zile mbili tatu tatu. Jumla ni kumi, na sita zilizobaki si za anasa: Java hutumia memori zaidi ya kiasi ulichoipangia, na Linux nayo inahitaji nafasi ya kuhifadhi faili zinazosomwa mara kwa mara.

Poti ndiyo namba inayoiambia kompyuta kwamba mgeni huyu ni wa programu ipi. Minecraft husikiliza poti 25565 isipoambiwa vinginevyo, na programu mbili haziwezi kusikiliza poti moja kwenye anwani moja. Seva ya pili ikijaribu, itaandika `FAILED TO BIND TO PORT` na kuzima. Kosa hili halina madhara kwa sababu linapiga kelele. Ubaya uko kwenye poti ya pili ambayo wengi huisahau, ile ya RCON, inayotumika kutuma amri kwa seva kutoka nje ya mchezo. Ukiiwasha, nayo ina namba yake ya kawaida, 25575. Ukinakili folda ya kijiji ili kuanzisha ujenzi, ukabadilisha poti ya mchezo peke yake, ujenzi utawaka na wachezaji wataingia bila shida. Lakini mlango wa amri umeshakaliwa na kijiji. Hapo skripti yako ya kuhifadhi nakala za ujenzi inatuma amri ya kusitisha uandishi wa faili, amri inapokelewa na kijiji kwa sababu nywila ni ileile, kisha skripti inanakili dunia ya ujenzi huku bado inaandikwa. Utagundua siku utakayoihitaji nakala hiyo. Basi katika `server.properties` ya ujenzi badilisha zote mbili, na nywila pia:

```
server-port=25566
rcon.port=25576
```

Uwanja utachukua 25567 na 25577. Kwenye ngome ya mtandao fungua poti tatu za mchezo tu; za RCON zibaki ndani, maana mawasiliano yake hayafichwi kwa usimbaji. Mchezaji wa ujenzi ataandika anwani, nukta mbili, kisha 25566. Wenye jina la kikoa wanaweza kumwondolea usumbufu huo kwa kuweka rekodi ya SRV, ambayo humpeleka kwenye poti sahihi bila yeye kuijua.

Sasa viini. Prosesa nyingi hukionyesha kila kiini kama viwili, kwa hiyo Linux itakuhesabia vinane. Pacha hao ni wapishi wawili wa jiko moja: ukiwapa kazi nzito wote kwa pamoja, kila mmoja atamsubiri mwenzake. Usikisie nani ni pacha wa nani. Andika `lscpu -e` na utazame safu ya CORE. Wenye namba moja ni pacha. Kwenye mashine yetu tuseme 0 na 4 ni pacha, 1 na 5, 2 na 6, 3 na 7. Kila seva tuipe jozi moja, na jozi ya 0 na 4 tuiachie mfumo:

```
cd /opt/minecraft/ujenzi
taskset -c 2,6 java -Xmx3G -jar server.jar nogui
```

Kwa nini jozi, ikiwa mchezo unategemea uzi mmoja? Kwa sababu Java ina nyuzi nyingine za mtandao, za kutengeneza ardhi mpya na za kusafisha memori. Ukiifungia kwenye kiini kimoja, zote zitagombania zamu na uzi mkuu. Tena Java huhesabu viini ilivyoruhusiwa inapowaka, na ikiona kimoja, kwa kawaida huchagua njia ya zamani ya kusafisha memori, inayousimamisha mchezo hadi imalize. Na ukitaka kuhamisha seva ambayo tayari inakimbia, ongeza `-a` kwenye `taskset`, la sivyo utakuwa umehamisha uzi mmoja tu na kuacha mingine ilikokuwa.

Kuna jambo ambalo wengi hulielewa kinyume. `taskset` huizuia seva isitoke kwenye viini vyake. Haiwazuii wengine kuingia. Kazi ya kubana mafaili usiku inaweza kutua juu ya kiini cha 2 na kuminyana na ujenzi. Ili mfumo wenyewe ukae kwenye jozi yake, weka mstari huu chini ya `[Manager]` katika `/etc/systemd/system.conf`, kisha uwashe mashine upya:

```
CPUAffinity=0 4
```

Huduma zote zitazaliwa zikiwa kwenye 0 na 4, na seva zako zitahamishwa na `taskset`.

Kupima ni rahisi. Tangu toleo la 1.20.3, amri ya `/tick query` huonyesha wastani wa milisekunde kwa mzunguko. Peleka wachezaji wachache wa uwanja wakimbie kwenye ardhi isiyowahi kufikiwa, kazi inayochosha prosesa kuliko nyingi, kisha usome namba za kijiji. Zikibaki palepale, uzio unafanya kazi. Zikipanda huku `top` ikionyesha viini vya kijiji vina nafasi, tazama diski: hiyo bado ni ya wote, na hakuna namba ya kiini itakayoigawa.

Kwenye seva ya kukodi ya mtandaoni mambo hubadilika, kwa kuwa viini unavyoviona huenda ni vya kuigiza, na mwenye mashine halisi ndiye anayeamua vinakimbilia wapi. Fungua `top` na utazame namba iliyo kando ya `st`. Hiyo ni asilimia ya muda ambao kiini chako kilitaka kufanya kazi kikanyimwa zamu. Ikikaa juu saa za jioni, kupanga jozi zako upya hakutasaidia chochote, hama mashine.