Nauza Laptopu, Nasafiri

Tangazo la mwanafunzi anayeondoka nchini lina tatizo ambalo matangazo mengine hayana: linafanana mno na tangazo la tapeli. "Nasafiri keshokutwa, bei ya kutupa, haina tatizo lolote, tuma kidogo nikushikie." Mnunuzi wa Dar es Salaam ameshakutana na maneno hayo, na huenda anamjua mtu aliyetuma hiyo "kidogo" na simu ya muuzaji ikazimwa. Mwanafunzi mkweli akiandika hivyo hivyo, mtu makini hampigii. Wanaompigia ni madalali walionusa haraka yake, nao wanataka kwa nusu bei.

Tuchukue mfano wa kijana aliyemaliza shahada ya kwanza hapa Dar na anakwenda Ujerumani kwa shahada ya uzamili. Huko muhula wa majira ya baridi huanza Oktoba, na ndege yake ni tarehe 28 Septemba. Anauza ThinkPad T480 ya inchi 14, aina iliyoingia sokoni mwaka 2018. Aliinunua dukani ikiwa imeshatumika. Ina prosesa ya Core i5 ya kizazi cha nane, RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256.

Hicho kizazi cha nane kinastahili kutajwa wazi. Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane, ukiacha chache sana za nyuma yake. Laptopu inayofanana na hii kwa sura lakini yenye kizazi cha saba ni mali nyingine kabisa, na mnunuzi anayejua hilo atauliza. Aliyeandika "Core i5" peke yake hajasema kitu.

Sasa tuje kwenye betri, maana hapo ndipo uongo mwingi wa matangazo hukaa. "Betri inakaa sana" haina maana yoyote kwa mtu ambaye hajui unaitumiaje. Windows yenyewe hutoa ripoti. Fungua dirisha la amri na uandike:

```
powercfg /batteryreport
```

Itaandaa ukurasa na kukuonyesha umehifadhiwa wapi. Humo tafuta mistari miwili: DESIGN CAPACITY, yaani uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo iliyobaki nao leo. T480 ina betri mbili, moja ndani na nyingine nje inayochomolewa kwa kusukuma vishikizo viwili, kwa hiyo ripoti itaonyesha zote. Tuseme kila moja ilianza na mWh 24,000. Ya ndani sasa ni 19,400, sawa na asilimia 81. Ya nje ni 13,000, asilimia 54. Tofauti hiyo si ajabu, kwa kuwa mashine hii hutumia kwanza betri ya nje, nayo ndiyo huchoka mapema. Baada ya hapo muuzaji aijaze, apunguze mwanga wa skrini hadi nusu, afanye kazi zake za kawaida na kutazama saa. Akipata saa 3 na dakika 20, aandike hivyo hivyo.

Wengi huogopa kwamba kasoro ikiandikwa itashusha bei. Inashusha, lakini mara moja na kwa kiasi chake. Kasoro ambayo mnunuzi anaigundua mwenyewe mkishakutana inashusha zaidi, kwa sababu anaanza kukata na kwa ajili ya zile anazodhani umeficha. Bora bei ihesabiwe mapema. Tuseme duka linauza mashine kama hiyo kwa shilingi 650,000 pamoja na waranti, na betri mpya ya nje ni 80,000. Mwanafunzi huyu hawezi kutoa waranti, maana mwezi ujao hayupo. Akiithamini kwa 50,000, inabaki 520,000. Hiyo ndiyo bei yake, na mtu akimwuliza ameipataje, ana jibu.

Tangazo lake linaweza kusomeka hivi:

"Lenovo ThinkPad T480, inchi 14, Core i5 kizazi cha nane, RAM GB 8, SSD GB 256, Windows 11. Nimeitumia chuoni miaka miwili, risiti ya duka ninayo. Kasoro: betri ya nje imebaki asilimia 54, betri zote mbili zinakaa saa 3 na dakika 20 kwa kuandika na mtandao. Kitufe cha herufi B kinataka kubonyezwa kwa nguvu. Kona ya kifuniko ina ufa wa sentimita 2, skrini ni nzima. Mengine yanafanya kazi, njoo uyajaribu. Chaja ipo. Bei 520,000, maelewano kidogo tukishaonana. Naondoka nchini 28 Septemba. Utaipata kati ya tarehe 20 na 26. Tukutane maktaba ya chuo, mchana. Sipokei pesa kabla hujaiona."

Tazama haraka ilivyoelezwa. Hakuna "haraka sana" wala kuomba huruma, kuna tarehe. Tarehe 20 imewekwa kwa sababu bado anahitaji mashine kwa barua na fomu za safari. Tarehe 26 inamwachia siku mbili endapo mnunuzi atashindwa kutokea. Hakuandika kwamba anahitaji hela ya nauli, na amefanya vyema, kwani hilo halimsaidii mnunuzi kuijua mashine na linampa dalali fimbo. Bei ya chini kabisa atakayokubali, tuseme 460,000 kuanzia tarehe 24, anaipanga moyoni na haiandiki. Sentensi ya mwisho ndiyo inayomtenga na tapeli, kwa sababu tapeli hawezi kuiandika na bado akapata anachokitaka.

Mahali pa kukutana nako kuna sababu. Baada ya kujaribu na kuelewana, muuzaji afute kila kitu mbele ya mnunuzi, akiwa ameshahamisha mafaili yake: aingie Settings, kisha System, Recovery, Reset this PC, na achague Remove everything. Kazi hiyo huchukua muda, na inahitaji umeme na mtandao, kwa hiyo stendi jioni haifai. Inamlinda pia mnunuzi. Baadhi ya mashine zilizotoka maofisini, zikifutwa na kuunganishwa mtandaoni, huomba akaunti ya kazi ya kampuni iliyozimiliki zamani na kukataa kuendelea. Heri hilo lionekane wakati muuzaji bado ameketi hapo.

Pesa zikishalipwa, waandikiane hati ya mauziano nakala mbili: majina, tarehe, bei, sahihi, na namba ya mashine iliyo kwenye kibandiko cha chini. Namba hiyo ilinganishwe na ya kwenye risiti kama imeandikwa humo, na risiti yenyewe aondoke nayo mnunuzi. Polisi wakimwuliza mwakani aliipata wapi, muuzaji atakuwa Ujerumani na karatasi hizo ndizo zitakazojibu.

Nawe unayesoma tangazo la namna hii ukiwa na hela mfukoni, uliza tarehe ya safari, omba picha ya ripoti ya betri, na nenda ukaione mchana. Muuzaji anayetaka pesa kabla ya hapo, hata akikutumia tiketi ya ndege, usimlipe.