Harufu ya sigara iko ndani ya ukuta, haiko hewani

Mwezi wa tano, mwenzetu mmoja wa sendika alileta baba yake Kalemie kutoka Manono. Muzee alichimba miaka mingi, na mapafu yake yamechoka na vumbi. Walimpangia chumba karibu na ziwa. Usiku wa kwanza alikohoa mpaka asubuhi, kisha akauliza: « Mutoto, ni nani anavutaka sigara humu? »

Hakuna mtu. Ni lokatere wa zamani ndiye alivuta, naye alihama miezi mitatu mbele. Mwenye nyumba alikuwa amepuliza marashi na kutundika naftalini. Sasa harufu zilikuwa tatu.

Ndugu msomaji, moshi wa sigara ukipanda unaacha utando mwembamba wa mafuta, yaani lami na nikotini. Utando huo unashika ukuta, plafo na rido, unaingia hata ndani ya musi ya fotei. Chumba kikipata joto ao unyevu wa mvua, harufu inatoka tena. Na si harufu tu. Mwaka 2010, wachunguzi wa maabara ya Lawrence Berkeley, kule Kalifornia, walionyesha kwamba nikotini iliyoshika ukutani inaungana na hewa chafu ya nyumba, na kutengeneza sumu zinazoweza kuleta kansa. Marashi hayaondoi kitu hapo.

Kwa kujua kama utando uko, tulichovya kitambaa cheupe ndani ya maji ya moto yenye sabuni, tukapangusa ukuta. Kikatoka na rangi ya chai. Ku plafo kilitoka cheusi zaidi, juu moshi unapanda.

Siku ya kwanza tulitoa vitu vyote nje. Rido zilifuliwa mara mbili. Kisha tukachukua ndoo ya maji ya moto, litre 10, na nusu kikombe cha sabuni ya unga. Plafo inaanza. Kisha ukuta, na hapo unaanza chini kupanda juu: ukianza juu, maji ya kahawia yanatiririka kwenye sehemu kavu na kuacha mistari isiyotoka. Maji yakibadilika rangi, unayamwaga. Kiisha unasuuza, na kupangusa tena na vinegre, kikombe kimoja kwa litre moja ya maji. Sabuni inatoa lami, vinegre inasaidia nikotini kuyeyuka ndani ya maji. Lakini usichanganye hata kidogo vinegre na javeli: inatoa gazi inayochoma mapafu.

Ukuta mmoja ulikuwa wa chokaa. Huo hauoshwi, unakunwa mpaka chini na kupakwa upya.

Plafo ya tripleksi ilikuwa imekunywa moshi sana. Hapo watu wengi wanakosea: wanapaka rangi ya maji. Nikotini inayeyuka ndani ya maji, basi madoa ya njano yanapita ndani ya rangi mpya, pamoja na harufu. Sisi tulipaka kwanza rangi ya mafuta ili kufunga, tukaacha ikauke, kisha rangi ya kawaida. Muzee alilala kwa jirani mpaka harufu ya rangi ikaisha.

Ilibaki fotei. Tulinyunyiza nusu kilo ya bikarbonate, ikalala usiku mzima, asubuhi tukaikung'uta. Juu ilipona, lakini ukiikalia, pumzi ya sigara inatoka ndani. Bikarbonate haifiki chini. Tulifumua kitambaa, tukakifua, na musi tukatupa. Hakuna dawa ingine kwa musi ya miaka mingi.

Kwa motokari kazi ni ile ile: sahani ya majivu, vioo, plafo na siti. Lakini siti usiimwagie maji, juu musi ikibaki na unyevu inaoza. Tumia kitambaa kilichokamuliwa vizuri, na uache milango wazi juani. Plafo yake usiisugue kwa nguvu: gundi inaachia na kitambaa kinaning'inia. Ikiwa harufu inarudi ukiwasha klimatizere, angalia filtre ya hewa. Hiyo haifuliwi, inabadilishwa.

Namna ya kujua kama umemaliza ni hii: funga chumba ao motokari saa sita ya mchana, jua kali, na urudi nyuma ya saa moja. Pua ya kwanza ndiyo inasema kweli. Sisi jaribio la kwanza lilishindwa: tulisahau mbao za nyuma ya mlango.

Muzee amerudi chumbani, na usiku analala. Mwenye nyumba alikubali kukata bei ya rangi kwenye loye, kwa maandishi. Ukitaka kupanga nyumba, beba kitambaa cheupe kabla ya kutoa garanti.