Mgeni, shamba na miaka 25

Ukishika sertifika ya kuandikishwa ardhi hapa Kamina, macho yaende kwanza kwenye mambo mawili. La kwanza ni namba za volimi na folio zilizo juu ya karatasi, maana kwa namba hizo utalikuta shamba lenyewe katika kitabu cha konservateri. La pili ni mahali panapotajwa aina ya konsesio na muda wake. Watu wengi hutazama jina na ukubwa, wakaacha hapo. Lakini ni pale kwenye muda ndipo utakapojua kama mwenye karatasi ni Mkongomani aliyepewa ardhi bila kikomo, au ni mgeni, au ni kampuni.

Msingi ni sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980. Inasema udongo ni mali ya Leta peke yake, haiuziki wala haipotei kwa kukaliwa muda mrefu. Kwa hiyo hata mimi niliyezaliwa hapa sina udongo. Nina haki ya kuutumia, na haki hiyo ndiyo inayoitwa konsesio. Tofauti kati yangu na mgeni iko katika urefu wake. Konsesio ya kudumu, isiyo na tarehe ya mwisho, hupewa mtu mwenye uraia wa Kongo tu. Mgeni hupata konsesio ya kawaida: emfiteozi, yaani kupewa ardhi isiyolimwa uiendeleze na kuilipia kodi, au superfisi, yaani haki ya kutumia ardhi ya Leta na kumiliki majengo na mimea uliyoweka juu yake. Zote mbili hazizidi miaka 25, nazo zinaweza kufanywa upya.

Hapo kuna kosa ninalokutana nalo kila mara. Watu hudhani mgeni akifungua kampuni ya Kikongomani, kampuni inakuwa Mkongomani na inapata ardhi ya kudumu. Sivyo. Sheria imesema mtu, mtu wa damu na nyama. Hata kampuni ambayo hisa zake zote ni za watoto wa Kamina haipati konsesio ya kudumu. Inapata miaka 25 kama mgeni. Kampuni inafungua mlango mwingine kabisa, na mlango huo ni wa mashamba.

Mwaka 2011, tarehe 24 Desemba, ilitiwa saini sheria ya kilimo, namba 11/022. Kifungu chake cha 16 kinasema konsesio ya kilimo itapewa Mkongomani, au kampuni ya sheria ya Kongo ambayo hisa zake nyingi ziko mikononi mwa Leta au mwa raia. Wawekezaji walilalamika sana, na si ajabu. Kabla ya hapo njia ya kawaida ya mtaji wa nje kuingia shambani ilikuwa kununua hisa za kampuni yenye sertifika tayari. Ndivyo Feronia, kampuni ya Kanada, ilivyoyapata mashamba ya michikichi ya PHC kutoka Unilever mwaka 2009: sertifika zilibaki kwa PHC, Leta ilibaki na sehemu yake ndogo, na kilichohama ni hisa. Kwa kifungu cha 16, nani anashika hisa limekuwa swali la ardhi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mkulima kutoka Zambia anataka hekta 150 kwenye njia ya Kaniama, alime mahindi. Kwa jina lake mwenyewe hawezi kupewa konsesio ya kilimo. Basi anaungana na Wakongomani wawili, wanaunda SARL kwa sheria ya OHADA ambayo Kongo iliingia mwaka 2012. Wakongomani wanashika hisa 51 kwa mia, yeye 49. Kampuni inaomba ardhi.

Ombi la shamba halianzi kwa konservateri kutia saini. Linaanza kwa uchunguzi wa mahali penyewe. Mtumishi wa Leta anakwenda, anapima mipaka, anaandika watu wanaoishi au kufanya kazi pale, mito, njia, makaburi, miti iliyopandwa, na anasikiliza wenye malalamiko. Hapa ndipo shefu na wazee wa kijiji wanapozungumza. Karatasi ya shefu ina uzito katika uchunguzi huo, lakini yenyewe si haki ya ardhi. Haki inathibitishwa na sertifika peke yake. Mgeni aliyemlipa shefu, akapewa barua yenye mhuri na kuanza kulima, bado hana kitu mbele ya hakimu.

Uchunguzi ukiwa safi, kampuni inapewa kontra ya muda ya miaka 5, na ndani ya miaka hiyo lazima shamba liendelezwe kweli. Kwa ukubwa wa hekta 150 mkono unaotakiwa ni wa gavana. Likizidi hekta 200 linapanda kwa waziri, na likipita hekta 1,000 linakwenda kwa Rais. Kontra iliyosainiwa na asiye na mamlaka ni batili, na sertifika iliyotoka humo inaanguka nayo. Kwa hiyo ukiletewa sertifika ya hekta 600 iliyoanzia kwenye saini ya konservateri tu, usilipe hata franga moja.

Sasa turudi kwenye zile hisa 49, maana ndipo wageni wanapoogopa. Wanaona 51 ni kupoteza shamba. Lakini katika SARL, kubadilisha statu za kampuni kunahitaji robo tatu ya mtaji. Wenye 51 hawafikii 75 bila yule wa 49. Hawawezi peke yao kubadili kazi ya kampuni wala kuongeza mtaji ili wammeze. Anaweza pia kuwa jeran, anayeendesha kazi kila siku, ingawa akumbuke kwamba wenye zaidi ya nusu ya mtaji ndio wanaomteua na kumwondoa. Fedha zake za trekta na mbegu anaweza kuzikopesha kampuni kwa mkataba ulioandikwa, akarudishiwa kama mkopo. Yote hayo ni halali, na hakuna lililofichwa.

Kisicho halali ni kuazima jina. Wakongomani wawili wanaandikwa kwenye statu, hawakutoa senti, kisha kwenye kabati kuna barua ya siri inayosema hisa zote ni za mgeni. Utaitambua kampuni ya namna hii bila shida: washirika hawajui benki ilipo akaunti, hawajawahi kuitwa kwenye mkutano wa mwaka, faida haijawahi kugawanywa, na saini zao zote zina tarehe moja. Barua ile inavunja kifungu cha 16 waziwazi, na hakimu hawezi kuitumia kumrudishia mgeni alichokificha. Siku wakikosana, kilichoandikwa ndicho kinachosimama: jina la kuazima linageuka kuwa mwenye mali. Nimeona familia mbili zikivunjika kwa jambo hili, ya mgeni na ya yule aliyemwazimisha jina, kwa sababu watoto wa huyo wa pili walikuta hisa kwenye urithi wakaamini ni zao.

Jirani zetu wamechora mstari kwa namna nyingine. Katiba ya Kenya ya 2010 inampa asiye raia hadi miaka 99, lakini kampuni huhesabiwa kuwa raia pale tu hisa zake zote ni za raia, si nyingi tu. Tanzania humpitisha mgeni kwenye uwekezaji. Miaka 25 yetu ni mifupi, na kwa mwenye kupanda michikichi au miti ya mbao inabana. Ndiyo sababu kuifanya upya kuna uzito kuliko watu wanavyodhani. Leta inaangalia kama ardhi imeendelezwa na kodi imelipwa. Stakabadhi za kodi za miaka yote zitunzwe pamoja na sertifika, na ombi lipelekwe mapema, si siku muda unapokwisha.

Mgeni wetu wa Kaniama ana jambo moja zaidi la kuandika kwenye statu kabla hajapanda mbegu ya kwanza. Mshirika Mkongomani akifa au akitaka kuuza, hisa zake ziende wapi? Mrithi mmoja akiwa na uraia wa nchi nyingine, au hisa mbili tu zikiuzwa kwa rafiki kutoka nje, 51 inashuka kuwa 49, na kampuni haitimizi tena sharti. Kwa hiyo statu ziseme hisa hizo zitolewe kwanza kwa Mkongomani, zitaje bei itakavyokadiriwa na siku ngapi washirika watakuwa nazo kujibu.