Upofu wa mtoni Sandoa: kwa nini dawa ya siku moja inarudiwa kila mwaka

Mto Lulua unapita karibu na mji wa Sandoa, katika jimbo la Lualaba, kisha unashuka kuelekea Kapanga na Kananga mpaka unaingia katika mto Kasai. Mto Sankuru nao unamwaga maji yake katika Kasai huo huo. Ni kando ya Sankuru ambako mganga mmoja Mbelgiji, Jean Hissette, alikuta mwanzoni mwa miaka ya 1930 vijiji vyenye vipofu wengi kupita kiasi. Wakati ule waganga wengi wa Ulaya hawakuamini kwamba mnyoo wa ngozini unaweza kumpofusha mtu wa Afrika. Hissette aliandika aliyoyaona mwaka 1932, na miaka miwili baadaye wataalamu wa chuo kikuu cha Harvard, kutoka Amerika, walikuja Kongo kuangalia wenyewe wakamkuta amesema kweli.

Ugonjwa huo waganga wanauita onkoserkozi. Watu wa kawaida wanausema vizuri zaidi: upofu wa mtoni. Karibu miaka mia moja baada ya Hissette, Kongo bado ni kati ya nchi zenye wagonjwa wengi zaidi duniani.

Anayeuleta ni kinzi kidogo cheusi, chenye mgongo uliopinda kama nundu, kinachoitwa usubi. Si mbu. Mbu anapenda maji yaliyosimama na anauma usiku. Usubi anataka maji yanayokimbia, pale mto unapogonga mawe na kutoa povu, na anauma mchana. Watoto wake hushika majani na mawe ndani ya maji hayo, kwa sababu hawawezi kuishi bila hewa nyingi inayoingia majini. Ndiyo maana anayevua samaki, anayeloweka mihogo au mwenye shamba karibu na maporomoko huumwa mara nyingi kuliko anayekaa mbali. Chandarua cha usiku hakimsaidii kitu. Na kukaa mbali kidogo na mto si kinga kamili, maana usubi anaweza kuruka makumi ya kilomita.

Jike peke yake ndiye anayeuma, kwa kuwa anahitaji damu ili atage mayai. Akimuuma mgonjwa anameza vitoto vya mnyoo vilivyo katika ngozi. Baada ya siku chache, akimuuma mtu mwingine, anamwachia vitoto hivyo. Ndani ya mtu vinakua polepole, kwa muda wa mwaka mmoja hivi, mpaka vinakuwa minyoo mikubwa. Mnyoo jike anafikia urefu wa sentimita 30 na zaidi, amejikunja ndani ya kivimbe kigumu chini ya ngozi, mara nyingi kwenye nyonga au mbavu. Kivimbe hicho hakiumi, na wengi wanaishi nacho bila kukijali. Lakini humo ndani jike anaweza kuishi miaka 10 hadi 15, na kila siku anazaa vitoto karibu 1.000.

Vitoto hivyo ndivyo vinavyofanya ubaya. Havionekani kwa macho, vinatembea chini ya ngozi, na vingine vinaingia ndani ya jicho. Vikiwa hai havisumbui sana. Taabu inaanza vinapokufa, kwani mwili unawasha moto wa kupigana na mizoga yao, na pamoja nayo bakteria wanaoishi ndani ya mnyoo. Katika ngozi mtu anawashwa hata kukosa usingizi, anajikuna mpaka damu, na baada ya miaka miguu inapata madoa meupe kama ya chui. Katika jicho, kila kitoto kinachokufa kinaacha kidonda kidogo. Kidonda kimoja si kitu. Lakini vidonda vya miaka mingi vinafanya kioo cha jicho kiwe cheupe kama maziwa, au vinaharibu mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Hapo hakuna dawa ya kurudisha mwanga.

Dawa ya kuzuia ipo: ivermektini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Mektizani. Tangu 1987 kampuni inayoitengeneza inaitoa bure. Anayeigawa kijijini hahitaji mzani. Ana fimbo yenye alama tu. Mwenye urefu wa sentimita 90 hadi 119 anapata kidonge kimoja, kufika 140 viwili, kufika 158 vitatu, na aliyezidi hapo vinne. Mtoto aliye chini ya sentimita 90 hapewi. Hapewi pia mwanamke mwenye mimba, mama aliyejifungua katika wiki iliyopita, wala mgonjwa aliyezidiwa. Hao wanaandikwa katika daftari ili wapewe baadaye.

Sasa tufike penye shida. Kinini hiki kinaua vitoto, hakimuui mama. Baada ya wiki chache karibu vitoto vyote vya ngozini vimekwisha, na jike anashindwa kuzaa kwa miezi kadhaa. Kisha anaanza tena, kidogo kidogo. Kipimo cha mwaka ujao kinamkuta hajajaza ngozi. Ndiyo maana dawa inatolewa kila mwaka, kwa miaka 10 hadi 15, mpaka minyoo mikubwa ife kwa uzee wake.

Tuchukue mfano wa kijana wa kijiji kimoja kando ya Lulua, aliyekunywa dawa mara tatu, kisha akaenda Kolwezi kuchimba shaba na kobalti. Anakaa huko miaka miwili. Kila ugawaji unapofanyika kijijini, jina lake linaandikwa kwamba hayupo, na kule machimboni hakuna anayemuuliza. Anaporudi nyumbani, ngozi yake inaweza kuwa imejaa tena. Yeye anajiona mzima. Lakini usubi wa mtoni wanachota kwake na kupeleka kwa jirani, hata kwa mtoto wa dada yake ambaye hajafika sentimita 90. Kwa hiyo wataalamu wanataka angalau watu 80 katika kila 100 wa kijiji wanywe dawa kila mwaka. Mgawaji anayeandika tu waliokuja, bila kuandika waliokosa na wanakokwenda, hawezi kujua kama amefikia hesabu hiyo.

Wengine wanakataa kwa sababu mwaka wa kwanza waliwashwa, wakavimba uso au wakapata homa. Kwa kawaida hiyo ni dalili ya vitoto vinavyokufa, inapita katika siku chache, na mwaka unaofuata inapungua. Hatari kubwa zaidi iko kwa mtu mwenye mnyoo mwingine, Loa loa, unaoonekana ukipita juu ya jicho. Akiwa nao kwa wingi sana, dawa inaweza kumfanya azimie. Mnyoo huo ni wa misitu ya kaskazini na ya Kongo ya Chini hasa. Mtu wa Sandoa aliyeishi huko amwambie mgawaji kabla ya kumeza.

Kivimbe kwenye mzee hakitoshi kuonyesha kama ugonjwa bado unaambukizwa, kwa sababu kinaweza kuwa cha zamani. Wataalamu wanapima damu ya watoto walio chini ya miaka 10, waliozaliwa wakati dawa imekwisha kuanza kutolewa, na wanawakamata usubi mtoni ili kutafuta mnyoo ndani yao. Kwa njia hiyo Nijeri ilitangazwa mwezi wa kwanza 2025 kuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuumaliza ugonjwa huu.