Chandarua cheupe pee kinaweza kuwa kimekwisha nguvu

Mfanyabiashara anayelala Busia usiku mmoja na Mutukula usiku wa pili hukagua mambo mawili anapopewa chumba cha gesti: shuka na chandarua. Chandarua kikiwa cheupe na kinanukia sabuni, huridhika. Lakini harufu hiyo ya sabuni ndiyo ya kutiliwa shaka.

Vyandarua vingi vinavyogawiwa na kuuzwa katika nchi zetu vimetiwa dawa kiwandani, na vimetengenezwa kwa makadirio ya kudumu miaka 3 na kustahimili kufuliwa mara 20. Hiyo mara 20 ni kama akiba ya benki. Kila ufuaji unatoa kidogo, na hakuna anayerudisha.

Tuchukue gesti inayofua vyandarua vyake kila Jumamosi pamoja na mashuka. Wiki 20 zikipita, yaani kabla ya miezi 5 kwisha, akiba imeliwa yote, na chandarua bado kinaonekana kipya. Jirani yake anafua kila baada ya miezi 3. Huyo atafua mara 4 kwa mwaka, na kwa miaka 3 atakuwa amefua mara 12 tu. Amebakiwa na nafasi ya kufua mara 8, hata ikitokea mtoto wa mgeni amekichafua.

Hesabu hiyo ni ya ufuaji wa upole. Sabuni ya unga na jiki ni habari nyingine kabisa. Dawa iliyomo kwenye chandarua, mara nyingi ya jamii ya pareto iliyotengenezwa viwandani, huvunjika haraka ikikutana na kitu kikali cha namna hiyo. Kuloweka usiku kucha na kutumia maji ya moto huharibu pia. Kinachofaa ni maji ya baridi na sabuni ya kawaida ya mche, ile ambayo upande wa Kenya huitwa ya kipande.

Anza kwa kukung'uta vumbi nje, maana mara nyingi vumbi la barabarani ndilo uchafu wote uliopo, na likitoka huna haja ya kufua. Kama bado ni kichafu, koroga sabuni kwenye beseni mpaka povu litoke, ndipo utumbukize chandarua. Kipande cha sabuni kisiguse kitambaa. Kikamue-kamue kwa viganja dakika chache kama unayefua nguo ya mtoto mchanga, kisha suuza kwa maji safi mara mbili. Usikifikiche, usikipige juu ya jiwe, wala usikisokote kukamua maji. Kiinue, kiache kichuruzike.

Kuanika ndiko wengi wanakokosea. Jua kali huidhoofisha dawa, kwa hiyo kianikwe kivulini, chini ya mwembe au barazani. Ua la miiba na waya wa seng'enge ni marufuku: uzi ukinaswa mara moja, tundu limeshapatikana. Maji ya kufulia yamwagwe chooni au kwenye shimo mbali na kisima. Kwenye mto au ziwa yanaua samaki, na baadhi ya wasomaji wetu wanaishi kwa kuuza sangara na dagaa.

Anayenunua vyandarua kwa ajili ya kuuza ng'ambo ajue pia kwamba aina ni mbili. Kile laini kama nguo kwa kawaida kimepakwa dawa juu ya uzi. Kile kigumu-gumu cha plastiki dawa imechanganywa ndani ya uzi wenyewe, nayo hujitokeza juu polepole. Kikishafuliwa huchukua siku kadhaa kurudia nguvu yake. Aina zote mbili, zikitolewa kwenye mfuko, zitandazwe kivulini saa 24 kabla ya kulalia, ili muwasho wa mwanzo upungue.

Kuhusu matundu, wataalamu wa malaria hupima kwa mwili: lisilozidi kidole gumba, lisilozidi ngumi, lisilozidi kichwa. Katika hesabu yao tundu la ngumi moja ni sawa na matundu 23 ya kidole gumba, na la kichwa ni sawa na 196. Kwa hiyo sindano na uzi vitolewe tundu likiwa bado la kidole. Dawa ikiwa hai, mbu anayetafuta mlango hugusa nyuzi na mara nyingi hufa au hukimbia kabla hajaupata. Ikiwa imefuliwa ikaisha, tundu hilo ni mlango wazi.

Mgeni hawezi kuiona dawa kwa macho. Anachoweza ni kumuuliza mhudumu maswali mawili kabla ya kulipia chumba: chandarua hiki hufuliwa lini, na kwa sabuni gani?