Glasi Iliyo Mbele ya Kachumbari

Sinia la pilau likitua mkekani, bakuli la kachumbari huwa limeshatangulia, na pembeni kuna kreti ya soda baridi. Ndivyo ilivyo kwenye harusi nyingi za Pwani na hata mbali na Pwani. Mpishi amehangaika na bizari tangu alfajiri, ndimu zimekamuliwa vizuri, nyanya zimeiva. Mgeni anakula kijiko kimoja, anapiga funda la kola, anarudi kwenye sahani, na ghafla kachumbari imekuwa kali mno. Mpishi analaumiwa kwa kuzidisha ndimu, ingawa kosa huenda liko ndani ya chupa.

Maelezo yake si magumu. Ulimi huzoea upesi ladha iliyotangulia, kisha huipunguza katika kipimo cha kinachofuata. Ukitoka kwenye kitu kitamu sana, utamu mdogo wa nyanya hupotea na uchachu wa ndimu hubaki peke yake ukipiga kelele. Ukitoka kwenye kitu kichachu, kinywaji chenye uchachu kidogo huonekana hakina uchachu kabisa: maji ya matunda yaliyokuwa na uhai yanageuka maji yenye sukari. Kwa hiyo kuna makosa mawili tofauti, kinywaji kuua chakula na chakula kuua kinywaji, na kila moja lina dawa yake.

Kola ni mfano mzuri wa kosa la kwanza, tena kwa namna inayoshangaza. Ukiipima kwa pH, kipimo ambacho namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi, kola ipo karibu na 2.5. Hapo haiko mbali sana na juisi ya ndimu tupu, na imeiacha mbali nyanya mbivu, ambayo huwa kwenye 4.3 hivi. Mbona basi haionekani chachu? Sababu ni sukari. Mililita 100 za kola ya kawaida zina gramu 10 hadi 11 za sukari, na hivyo chupa ya mililita 350 hubeba kama vijiko vya chai tisa. Sukari haiondoi asidi, inaifunika tu. Mnywaji anapokea asidi na utamu pamoja, lakini ulimi unakumbuka utamu, na kachumbari ndiyo inayolipa gharama.

Kanuni inayofuatwa na watu wanaofanya kazi ya kulinganisha vinywaji na vyakula ni fupi: glasi iwe na uchachu unaokaribia ule wa sahani au uzidi kidogo, na utamu wake uwe wa kiasi. Njia ya kuijaribu nyumbani haihitaji kifaa chochote. Onja kinywaji kabla ya kula. Kula kijiko cha chakula, tafuna, meza. Onja kinywaji tena. Kikionekana chembamba au kitamu kuliko mwanzo, chakula kimekishinda. Rudi kwenye chakula. Kikiwa kikali kuliko kijiko cha kwanza, kinywaji kimezidi sukari. Mdomo ukikauka na ulimi kukwaruza, tatizo ni ukakasi, na hilo lina habari yake.

Tuchukue meza moja na tuipitie. Kuna pilau ya ng'ombe, na kachumbari ya nyanya nne, vitunguu viwili, ndimu moja, chumvi na pilipili mbichi iliyokatwa. Vitunguu vimeoshwa kwa maji ya chumvi. Hatua hiyo ina maana kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa ukali wa kitunguu kibichi mara nyingi husingiziwa ndimu, na hakuna kinywaji kitakachoutuliza.

Madafu yakija kwenye meza hii yanaonewa. Ni kinywaji chenye asidi kidogo mno, na uzuri wake wote umo katika utamu wa mbali na chumvichumvi ya madini. Baada ya ndimu, vyote viwili havisikiki. Madafu yaachiwe wali wa nazi na samaki wa kupaka, ambako hakuna wa kuyafokea.

Chai ya maziwa ina shida nyingine. Protini kuu ya maziwa huganda pH ikishuka hadi karibu na 4.6, na ndiyo maana tone la ndimu kwenye kikombe cha moto hukata maziwa mbele ya macho. Ndimu iliyobaki mdomoni haitoshi kukata kikombe kizima, lakini chai huonekana nzito na yenye utando, na kachumbari hupoteza makali yake safi. Desturi ya kuileta chai baada ya mlo, sahani zikiwa zimeondolewa, ina busara yake.

Kinachokaa vizuri hapa ni juisi ya ukwaju. Asidi yake kuu ni ya tatariki, ileile iliyo kuu katika zabibu, na ina uchachu mpana, wa matunda, unaosimama kando ya ule mkali wa ndimu bila kufanana nao. Tatizo ni jinsi inavyotengenezwa mara nyingi: sukari hadi kijiko kinasimama. Ukwaju wa namna hiyo ni soda ya kienyeji tu. Kwa meza ya kachumbari, loweka gramu 100 za ukwaju wenye kokwa katika nusu lita ya maji ya uvuguvugu kwa nusu saa, kanda kwa mkono, chuja, ongeza maji baridi hadi lita moja. Tia sukari vijiko vitatu vya mezani, chembe ya chumvi, na tangawizi iliyokunwa ukipenda. Sukari hiyo unayotia ni kama theluthi ya ile iliyomo kwenye lita ya kola. Ukiionja peke yake utasema imekosa sukari. Ionje baada ya kijiko cha kachumbari kabla ya kuhukumu. Ipozwe vizuri, kwa sababu ubaridi hupunguza utamu unaosikika na kuufanya uchachu uwe safi.

Rozela, ile juisi nyekundu inayoitwa pia choya, hufanya kazi hiyohiyo kwa masharti hayohayo. Tofauti ni kwamba maua yake yakichemshwa muda mrefu hutoa ukakasi, basi yaloweke kwenye maji ya moto badala ya kuyachemsha.

Na kama pilipili ya kachumbari ni ya kutoa machozi? Mapovu ya soda huwasha ulimi yenyewe, na yakikutana na pilipili yanauongezea moto. Hapa mtindi unashinda vyote. Ni mchachu, kwa hiyo haumezwi na ndimu, na protini yake ya maziwa huibeba ile kemikali inayowasha na kuiondoa ulimini. Uwe mwembamba, sehemu moja ya mtindi kwa sehemu moja ya maji baridi, na chumvi kidogo badala ya sukari. Walaji wa biriani wanaoweka bakuli la mtindi pembeni wamelijua hili kitambo.

Mchuzi wa nyanya ni jambo jingine, kwa kuwa nyanya haileti uchachu peke yake. Kadiri inavyoiva, huongezeka ndani yake glutamati, kitu kinachoipa ladha nzito kama ya supu ya nyama. Ladha hiyo ni tamu kwenye sahani lakini ni adui wa tanini, ile inayoleta ukakasi katika chai ya rangi iliyokolea na katika mvinyo mwekundu mzito. Asidi ya nyanya nayo hufanya ukakasi usikike zaidi. Ndiyo sababu kikombe cha chai ya rangi nzito kando ya tambi za mchuzi wa nyanya huacha mdomo mkavu. Ipunguze majani, au mimina kikombe mapema kabla majani hayajakolea, na ugomvi huo unapungua sana.

Waitalia, waliopokea nyanya kutoka Amerika katika karne ya 16, leo wanazila na mvinyo wa aina mahususi. Chianti ya Toskana lazima iwe na angalau asilimia 70 ya zabibu iitwayo Sangiovese, na zabibu hiyo ina asidi nyingi. Barbera ya Piedmonte inafaa hata zaidi, kwa kuwa ina asidi nyingi na tanini kidogo. Mvinyo mwekundu laini wa asidi ndogo, hata uwe wa bei kubwa, ukikutana na mchuzi huohuo huonekana kama umechoka.

Kwa mnywaji wa Tanzania, jibu la karibu liko Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mvinyo mweupe mkavu wa Chenin Blanc, zabibu inayojulikana kwa kushikilia asidi yake hata kwenye joto, unaifaa nyanya kuliko mwekundu wa Makutupora uliotiwa utamu. Jambo la kuangalia kwenye chupa ni neno “mkavu”.

Pengine dawa ipo kwenye sufuria. Nyanya ya kopo ina asidi iliyokusanywa, na wapishi wengi huitibu kwa sukari, jambo linaloficha uchachu bila kuuondoa. Baking soda robo kijiko cha chai kwa sufuria ya familia huiondoa asidi kweli. Mchuzi utatoa povu kwa sekunde chache kisha utulie. Ikizidi hapo, mchuzi unaonja sabuni. Tui la nazi au kitunguu kilichokaangwa taratibu ni njia ya upole zaidi.

Siki ndiyo ngumu kuliko zote. Asidi yake, ya asetiki, huruka hewani na kuingia puani kabla chakula hakijafika mdomoni. Harufu hiyohiyo ndiyo dalili ya mvinyo ulioharibika, na hivyo saladi yenye siki nyingi huufanya mvinyo mzima unukie kama umegeuka. Sosi ya kawaida ya saladi huwa na sehemu moja ya siki kwa tatu za mafuta. Palipo na mvinyo, ifanye moja kwa tano, au badilisha nusu ya siki kwa ndimu, ambayo asidi yake haina harufu ya kuruka. Bia nyepesi, baridi, isiyo chungu sana, hustahimili siki vizuri kuliko mvinyo mwingi. Kwa asiyekunywa pombe, maji yenye gesi yaliyokamuliwa kipande cha ndimu yanatosha, ilimradi saladi haina pilipili.

Kwa achari ya embe au ya malimau iliyokaa juani wiki nzima ikinywa chumvi, pilipili na siki, hakuna kinywaji chenye ladha kitakachobaki na ladha yake. Weka maji ya kawaida, na ule ukwaju uusubirishe hadi achari iondoke mezani.